Bei ya haki mbia mmoja anapotoka

Mbia anayejitoa katika biashara hudai fungu lake, na mzozo huanza pale fungu hilo linapotakiwa kutiwa bei. Wabia wengi wa maduka na viwanda vidogo huanzia kwenye fedha aliyoingiza kila mmoja siku ya kwanza. Huo si mwanzo mzuri. Shilingi milioni 10 zilizowekwa miaka sita iliyopita ziligeuka saruji, zikarudi kuwa fedha, zikageuka nondo, zikalipa kodi ya fremu na mshahara wa kijana wa dukani. Leo huenda ni milioni 25, huenda ni milioni 3. Kinachouzwa ni sehemu ya biashara kama ilivyo sasa, na hiyo hupimwa kwa maswali matatu: ikilipa madeni yake yote leo itabaki na nini, katika mwaka wa kawaida inaingiza faida kiasi gani, na mikopo iliyopo inamdai nani, ikidhaminiwa na nani.

Kabla ya hesabu yoyote, mkataba wa ubia husomwa upya. Ukiwa umeshaeleza namna ya kukokotoa bei, njia hiyo ndiyo itakayofuatwa, hata kama mmoja haipendi tena. Mikataba mingi haisemi lolote kuhusu kuondoka, na ipo biashara nyingi ambayo mkataba wake ni maneno ya mdomo tu. Hapo wabia wanatakiwa wakubaliane kwanza juu ya mambo mawili: asilimia ya kila mmoja, na tarehe ya hesabu. Tarehe ina uzito kuliko inavyoonekana. Mauzo ya leo si ya mwezi ujao, na mzigo unaoshushwa asubuhi ya Jumatatu unabadili hesabu iliyofungwa Jumamosi. Siku moja huchaguliwa, kwa kawaida ya mwisho wa mwezi au wa mwaka wa hesabu, na kila kitu hupimwa kama kilivyokuwa jioni ya siku hiyo.

Uchukuliwe mfano wa duka la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro. Wabia ni wawili. Mwenye asilimia 60 ndiye anayefungua na kufunga duka kila siku. Mwenye asilimia 40 ana shughuli nyingine, naye sasa anataka kutoka. Mizania iliyoandaliwa na mhasibu wao inaonyesha mali ya milioni 110: mzigo wa milioni 62, wateja wanaodaiwa milioni 24, gari aina ya Canter la milioni 12, rafu na mizani za milioni 4, na milioni 8 benki. Upande wa madeni kuna mkopo wa benki wa milioni 30 na milioni 14 za wauzaji wa jumla. Kwa karatasi hiyo duka lina milioni 66 zilizo zake, na anayetoka anaona amestahili asilimia 40 yake, yaani milioni 26.4.

Mizania, hata ikiwa imeandikwa kwa uaminifu, haikuandikwa kwa ajili ya kuuzia. Huonyesha vitu kwa gharama ya kununulia ukitoa uchakavu, na bei ya leo ni habari nyingine. Kwa hiyo kila mstari hupitiwa upya, na kazi kubwa huwa kwenye mzigo. Wabia wote wawili, au watu wao, huingia stoo na kuhesabu kwa mkono. Saruji iliyokaa na kuanza kuganda haihesabiwi. Mabati yenye kutu pembeni huhesabiwa kwa bei ambayo fundi wa mabanda angekubali kuyatoa. Rangi ambayo haijaulizwa na mteja tangu mwaka juzi hupunguzwa, kwa sababu fedha iliyolala humo haitarudi yote. Vile vile bei ya nondo inaweza kuwa imepanda tangu zinunuliwe, na hiyo nayo huingizwa kwa haki ya anayetoka. Katika duka hili mzigo unashuka kutoka milioni 62 hadi milioni 54.

Daftari la wateja wanaodaiwa huhitaji macho makali zaidi, maana deni halina kutu la kuonekana. Kipimo kinachofaa ni umri wake. Kati ya milioni 24, milioni 9 ni za miezi mitatu iliyopita, za mafundi wanaorudi kila wiki, nazo huhesabiwa zote. Milioni 8 zina umri wa kati ya miezi mitatu na mwaka. Wabia wanakubaliana kuhesabu nusu. Milioni 7 ni za zaidi ya mwaka, nyingi za mkandarasi mmoja ambaye simu yake haipatikani tena. Hizo huandikwa sifuri. Zinabaki milioni 13. Mbia anayetoka akiona ameonewa, ipo njia nyepesi kuliko kubishana: wakubaliane kwa maandishi kwamba madeni hayo ya zamani yakilipwa siku yoyote, atapewa asilimia 40 ya kilichokusanywa.

Gari linakwenda upande mwingine. Vitabuni limeshachakaa hadi milioni 12, lakini Canter iliyotunzwa haishuki bei haraka, na madalali wawili walioulizwa kila mmoja kwa wakati wake wanataja karibu milioni 20. Rafu na mizani zinapewa milioni 3. Fedha ya benki ni milioni 8, na taarifa ya benki inathibitisha. Jumla ya mali hiyo ni milioni 98.

Kuna mali moja zaidi ambayo mara nyingi husahaulika au hufichwa. Mwaka jana mbia anayetoka alichukua milioni 6 dukani kwa ajili ya shughuli zake, kwa ahadi ya kurudisha. Hilo ni deni la duka kwake, sawa na deni la mteja yeyote, tofauti tu ni kwamba malipo yake ni ya uhakika kwa kuwa yatakatwa kwenye bei. Mali inakuwa milioni 104.

Upande wa madeni, yaliyoandikwa ni milioni 44, lakini hayakuandikwa yote. Kodi ya milioni 3 ya mwaka uliokwisha haijalipwa. Tena, mbia anayebaki aliwahi kuingiza milioni 10 zake za ziada duka lilipokauka, na mhasibu aliziacha zimechanganyika na mtaji. Hapa wengi hugombana, ingawa kanuni yenyewe ni nyepesi. Fedha ambayo mbia aliikopesha biashara si mtaji wake. Ni deni la biashara, na hulipwa kabla ya mtaji kugawanywa. Akiwa anayetoka ndiye aliyekopesha, angelipwa mkopo wake wote juu ya bei ya fungu. Kinachoamua ni ushahidi: muamala wa benki, hati iliyosainiwa, au riba iliyokuwa ikilipwa. Katika mfano huu riba ililipwa kila mwezi, kwa hiyo ni mkopo. Pasipo ushahidi wa aina hiyo, fedha ya ziada ni vigumu kuitofautisha na mtaji.

Madeni yote basi ni milioni 57. Ukiyatoa kwenye milioni 104, rasilimali halisi ya duka ni milioni 47, na asilimia 40 yake ni milioni 18.8. Tofauti na zile milioni 26.4 za mizania ni karibu milioni 8, na hakuna aliyeiba.

Milioni 18.8 huwa kama sakafu ya bei. Lakini ipo sakafu ya chini zaidi, nayo inafaa ijulikane na pande zote mbili. Ubia usiokuwa na muda maalumu kwa kawaida unaweza kuvunjwa mbia mmoja akitoa notisi, na kuvunja maana yake ni kuuza kila kitu kwa haraka. Mzigo wa milioni 54 ukiuzwa kwa mkupuo ungeleta labda milioni 32, wadaiwa wakisikia duka linafungwa wangelipa milioni 9, gari lingetoa milioni 17 na rafu milioni 1. Baada ya fedha ya benki, lile deni la milioni 6 na kulipa madeni yote, zingebaki milioni 16 hivi. Fungu la asilimia 40 lingekuwa chini ya milioni 7. Anayetoka akitishia kuvunja anajiumiza mwenyewe, na anayebaki akitoa bei ya kuvunja ilhali anakusudia kuendelea kuuza kesho yake asubuhi anadai zawadi.

Swali la pili ni la faida. Duka linaloendelea lina kitu ambacho hakimo katika orodha ya mali: wateja waliozoea kuja, mahali penye njia, wauzaji wa jumla wanaotoa mzigo kwa mkopo kwa kuwa jina linajulikana. Thamani hiyo huonekana kwenye faida tu, na mwaka mmoja hautoshi kuionyesha. Mitatu ndiyo kiasi cha chini kinachosema jambo.

Vitabu vya duka vinaonyesha faida ya milioni 19, kisha milioni 21, kisha milioni 32. Anayetoka hushika ile ya mwisho, na anayebaki huanza kuzungumzia wastani. Wote wawili wanapaswa kwanza kusafisha takwimu. Mwaka wa tatu duka lilipata zabuni ya kupeleka vifaa kwenye ujenzi wa shule, ikaleta faida ya milioni 8, na hakuna dalili ya zabuni nyingine. Inaondolewa, zinabaki milioni 24. Halafu, anayebaki amekuwa akisimamia duka miaka yote bila mshahara. Msimamizi wa kuajiriwa angelipwa, tuseme, laki sita kwa mwezi, yaani milioni 7.2 kwa mwaka. Kiasi hicho ni malipo ya jasho la mtu mmoja, wala si matunda ya mtaji wa wawili, kwa hiyo hutolewa kila mwaka. Faida ya kweli inakuwa milioni 11.8, milioni 13.8 na milioni 16.8. Kwa kuwa inapanda, mwaka wa karibuni hupewa uzito mkubwa: wa kwanza huhesabiwa mara moja, wa pili mara mbili, wa tatu mara tatu, kisha jumla hugawanywa kwa sita. Jibu ni karibu milioni 15 kwa mwaka.

Takwimu hizi zinahitaji kuthibitishwa nje ya vitabu. Ripoti za mashine ya EFD, miamala ya lipa namba, taarifa za benki na ankara za wauzaji wa jumla zikiwekwa pamoja, mauzo hayawezi kujificha sana. Hapo ndipo wakati mwingine mmoja hunong’ona kwamba faida halisi ilikuwa kubwa kuliko iliyopelekwa Mamlaka ya Mapato. Huenda ni kweli, ila hoja hiyo haimsaidii. Faida iliyofichwa huja na kodi iliyofichwa, pamoja na adhabu yake, na deni hilo nalo lingepaswa kuingia kwenye hesabu.

Milioni 15 kwa mwaka zina thamani gani leo? Wanunuzi wa biashara ndogo, ambazo hutegemea sana mtu mmoja, huwa hawakubali kungoja miaka mingi fedha yao irudi. Duka la namna hii likipewa bei ya faida ya miaka minne, linafika milioni 60. Ipo pia njia ya zamani inayofundishwa kwenye masomo ya uhasibu, inayopima faida ya ziada. Mtaji halisi wa milioni 47 ungetarajiwa kuzaa kiasi fulani popote ulipowekwa. Serikali ya Tanzania imewahi kutoa hati fungani za miaka 25 zenye riba ya asilimia 15.95, na duka lina hatari kubwa kuliko hati hiyo, kwa hiyo asilimia 20 si kipimo cha kuonea. Asilimia 20 ya milioni 47 ni milioni 9.4. Duka linazaa milioni 15, ziada ni milioni 5.6. Mnunuzi akikubali kulipia ziada hiyo kwa miaka miwili na nusu, analipia milioni 14. Ukijumlisha na milioni 47 unapata milioni 61. Njia mbili zimekaribiana, na hiyo ni dalili njema. Zingeachana mbali, ingebidi kurudi kutafuta kosa, mara nyingi kwenye mzigo au kwenye mshahara wa msimamizi.

Mahali hapa mkopo wa benki huzua kosa ambalo hata wahasibu hulifanya. Mtu huchukua zile milioni 60, kisha anatoa mkopo wa milioni 30, akidai kwamba biashara yenye deni haiwezi kuuzwa bila kutoa deni. Lakini faida ya milioni 15 ilikokotolewa baada ya riba kulipwa. Deni limeshaipunguza faida, na bei iliyotokana na faida hiyo tayari ni ya wenye mali peke yao. Kulitoa tena ni kumtoza anayetoka mara mbili. Ingekuwa faida imehesabiwa kabla ya riba, hapo ndipo mikopo ingetolewa mwishoni, na kipimo cha miaka kingebadilika pia. Kwa hiyo anayepewa karatasi ya hesabu aanze kuuliza: faida hii ni kabla au baada ya riba?

Zile milioni 14 za jina na wateja hazipaswi kupitishwa bila kuulizwa ni za nani. Wateja wakija kwa sababu duka liko karibu na stendi na bei zake hazisumbui, thamani hiyo ni ya duka, na kila mbia ana fungu lake. Wakija kwa sababu ya mtu, inategemea ni mtu yupi. Anayetoka akiwa ndiye mwenye wateja, kisha akafungua duka lake mtaa wa pili, anayebaki atakuwa amenunua hewa. Hapo bei hupunguzwa, au anayetoka hukubali kwa maandishi kutofungua biashara ya aina hiyo mahali hapo kwa muda unaotajwa. Zuio hilo liwe na mipaka ya kiasi ya eneo na muda, kwani mahakama hazipendelei linalomzuia mtu kutafuta riziki bila sababu. Katika mfano huu wabia wanakubali kwamba sehemu kubwa ni ya duka, na anayetoka anapata asilimia 40 ya milioni 14, yaani milioni 5.6. Bei ya fungu lake inakuwa milioni 24.4. Likikatwa lile deni lake la milioni 6, anapokea milioni 18.4.

Bei ya haki isiyolipika haimsaidii mtu. Anayebaki ataishi kwa zile milioni 7.2 za usimamizi, na faida ya milioni 15 sasa itakuwa yake yote. Lakini mkopo wa benki unataka marejesho ya shina, tuseme milioni 6 kwa mwaka, na fedha hizo haziko kwenye hesabu ya faida kwa sababu ni riba peke yake inayohesabiwa kuwa gharama. Zinabaki milioni 9. Kodi ya mapato yake ikikadiriwa kuchukua milioni 4.5, zilizo huru ni milioni 4.5 tu kwa mwaka. Malipo ya mara moja hayawezekani bila kunyonya mzigo wa duka, na duka likikosa mzigo hakuna atakayelipwa. Mpango unaobebeka ni milioni 4.4 siku ya kusaini, kisha laki tatu na nusu kila mwezi kwa miezi 40. Kwa kungoja muda huo, anayetoka ana haki ya kudai riba au dhamana. Gari lingefaa kuwa dhamana, ila kwanza iangaliwe kama benki haijalishika tayari.

Benki yenyewe ndiyo sehemu ambayo wanaotoka huumia zaidi. Mkopo ulipochukuliwa, wabia wote wawili walisaini kama wadhamini. Katika hesabu, milioni 30 zilishatolewa kwenye thamani ya duka, maana yake anayetoka ameshabeba milioni 12 za mkopo huo kupitia bei ndogo aliyokubali. Lakini benki haikuwa mezani. Makubaliano ya wabia hayaifungi, na mkopo ukikwama miezi ishirini baadaye, barua ya madai itafika nyumbani kwake pia. Akilipa, atakuwa amelipa mara mbili. Kinga ya kweli ni barua ya benki yenyewe inayomwachilia kama mdhamini, na benki kwa kawaida haitoi barua hiyo mpaka ipewe mdhamini mwingine au dhamana ya kutosha. Ikikataa kabisa, hubaki njia dhaifu zaidi: anayebaki anaahidi kwa maandishi kumfidia kwa lolote atakalolipa, na sehemu ya bei inalipwa mapema ili hatari ya anayetoka iwe ndogo.

Kwa wauzaji wa jumla mambo ni hayo hayo kwa kiwango kidogo. Madeni yaliyoingiwa alipokuwa mbia yanaendelea kumhusu mpaka yalipwe au mdai akubali kumtoa. Ya baada ya hapo si yake, lakini muuzaji ambaye hakuambiwa ana sababu ya kuamini kwamba bado yumo, na anaweza kumdai kwa mzigo asiouona. Ndiyo maana siku ya kusaini huandamana na kazi ya makaratasi: taarifa ya mabadiliko BRELA, ambako jina la biashara limesajiliwa, taarifa kwa Mamlaka ya Mapato, saini mpya benki, na barua kwa kila muuzaji wa jumla ikitaja tarehe ya kuondoka. Nakala ya kila barua hugongwa muhuri wa kupokelewa, na hubaki mikononi mwa aliyetoka.